Kukata katikati ama kumaliza wazo?

Kwa mikutano ya wavuvi na Waitaliano hapa Malindi naona watu wanaongea kupitia mkalimani kwa njia mbili. Wa kwanza anakata kila maneno mawili matatu, "Wavuvi ambao..." kimya, anamuangalia mkalimani, na mkalimani hana cha kutafsiri maana kitenzi hakijafika, akibahatisha baadae itabidi ajisahihishe. Wa pili anamaliza wazo: "Wavuvi hawana barafu. Samaki wanaoza mapema." Ndo ananyamaza. Mimi ni huyu wa pili kabisa, ila ukifika sentensi nne tano bila kupumua, mkalimani asie na daftari anaanza kuacha namba na majina. Na misemo nayo inamkwamisha mkalimani, kwa hiyo usiseme mzee amekula chumvi nyingi, sema tu ana miaka 70.