#matooke🍌: Instagram au X?

Muuza matooke wa Kampala akiandika #matooke🍌 kwenye Instagram, ambayo imekubali emoji katika heshitegi tangu 2015, alama yote inabofyeka. Ila hiyo ni heshitegi nyingine kabisa: anayetafuta #matooke tupu anafunguliwa ukurasa tofauti. Kwenye X, heshitegi inakomea kwenye herufi e. Ndizi inabaki pambo tu, na kwa biashara hilo ni afadhali.

Kiungo cha Instagram nacho hugeuza ndizi kuwa baiti 4:

```
/explore/tags/matooke%F0%9F%8D%8C/
```

Programu ikikikata kabla ya %, unatua #matooke.

Jina la mtumiaji, lile la @, halipokei emoji kokote kati ya hizo mbili. Iweke kwenye jina la kuonyesha.