TAHADHARI: Mashine za kuchomelea zenye mpini wa uongo zinazungushwa Kisumu hadi Kakamega

Ndugu zangu mafundi wa Kisumu, Ahero, Maseno mpaka Kakamega, kuna mtu anazunguka na pikapu akiuza mashine za kuchomelea za stima. Ni boksi la bati lililopakwa rangi ya buluu, juu lina mpini wa kuzungusha, na mbele kuna mshale unaotembea kwenye namba kuanzia 50 hadi 250. Nilimpa shilingi 19,000 mkononi. Mshale unatembea vizuri kabisa, lakini moto haubadiliki hata kidogo. Naandika haya ili mwingine asiingie pale nilipoingia mimi.

Nilikuwa na kazi ya madirisha sita, skwea tyubu ya milimita 1.5. Nikaweka rodi ya geji 12, yaani 2.5 mm, ambayo kwa kawaida inataka ampea 60 hadi 90. Nikarudisha mpini mpaka chini kabisa, mshale ukasimama kwenye 50. Nilipogusa chuma rodi ikanasa, na kabla sijaitikisa ikabanduka, ikawa nyekundu kutoka ncha hadi kwenye koleo, ngozi yake ikapasuka na kumwagika chini. Nikajaribu tena, ikanasa tena, taa za jirani zikafifia, na breka ya kibanda ikakata. Mara ya tatu moto ulishika, nikafurahi kwa sekunde mbili. Nilipoinua kofia ya uso nikaona tundu la kupitisha kidole kwenye tyubu ya mteja.

Niliibeba mpaka kwa mzee mmoja anayefunga waya za mota, mtu wa miaka mingi kwenye kazi hiyo. Hakuuliza mengi. Alifungua bati, akazungusha mpini huku anachungulia ndani, akaniambia, "Kijana wangu, huu mpini umefungiwa flati baa. Hauna kazi nyingine zaidi ya kusukuma mshale."

Hapa ndipo inabidi mjue mashine ya rodi inavyofanya kazi, kwa sababu mtu huyu anategemea tusijue.

Unapogusa chuma na rodi, wakati huo umeunganisha nyaya mbili za mashine moja kwa moja. Transfoma ya kawaida, kama ile ya chaja kubwa, imetengenezwa ili volti zake zisishuke ukiiongezea mzigo. Ukiigusisha hivyo inamwaga mamia ya ampea. Mashine ya rodi lazima iwe na tabia ya kinyume: bila mzigo itoe volti za kutosha kuwasha moto, kama 60 hivi, lakini ampea zikianza kupanda volti zianguke zenyewe. Moto wa rodi ukishashika unahitaji volti 23 au 24 tu. Rodi ikigusa kabisa, volti zinashuka karibu na sifuri, na ampea zinapanda kidogo tu kuliko zile za kuchomelea. Ndiyo maana kwenye mashine nzuri rodi ikinasa unaivunja kwa kiganja na kuendelea.

Volti zinaangushwa na sumaku inayovuja. Kwenye mashine ya kweli koili ya stima inayoingia na koili nene inayotoka hazikai pamoja. Moja iko chini na nyingine juu, au kila moja iko kwenye mguu wake wa kiini, na katikati kuna nafasi. Sumaku ya koili ya kwanza haifiki yote kwenye ya pili. Sehemu inakata njia ya mkato hapo katikati. Sumaku hiyo iliyovuja inazuia mkondo usipande, kama vile choki inavyozuia, lakini bila kuunguza nguvu kuwa joto kama waya wa upinzani. Wataalamu wanaiita riaktansi ya uvujaji.

Na mpini wa kweli unaongoza uvujaji huo. Unasukuma kipande cha bati za transfoma zilizobanwa pamoja kiingie kwenye nafasi kati ya koili mbili. Kikiingia chote, sumaku inapata njia rahisi ya kuvujia, riaktansi inakuwa kubwa, moto unapungua. Ukikitoa, njia inabaki ya hewa, uvujaji unapungua, moto unaongezeka. Kuna mashine nyingine ambazo mpini unapandisha na kushusha koili yenyewe: koili zikikaribiana moto unaongezeka, zikiachana unapungua. Zote ni sawa. Kwenye yangu koili ya pili ilikuwa imeviringishwa juu ya ile ya kwanza, kwenye mguu mmoja wa katikati, zimegusana kama nguo na fulana. Sumaku haina mahali pa kuvujia. Hata mpini ungekuwa na kipande halali, hakuna nafasi ya kukiingiza.

Mzee alileta klampu mita tukapima. Bila mzigo mashine yangu ilitoa volti 46. Tukagusisha rodi kwenye chuma kwa sekunde moja, mshale ukiwa kwenye 50, tukaona ampea 352. Tukapeleka mshale 250, tukaona 358. Basi. Tofauti hiyo ndogo hata mimi naweza kuileta kwa kukaza klampu ya athi.

Kisha tukapima mashine yake ya zamani. Bila mzigo ilikuwa volti 58 kipande kikiwa ndani, na 60 kikiwa nje. Angalieni hapo: volti za bila mzigo karibu hazibadiliki, kwa hiyo multimita peke yake haiwezi kukuonyesha kama mpini unafanya kazi. Lakini ampea za kugusisha zilitoka 68 hadi 165. Alipoiacha kwenye 98 akanionyesha hesabu kwenye gunia la saruji. Volti 60 kugawa kwa 98 ni riaktansi ya omu 0.61. Moto ukiwa na volti 24, mkondo ni kama ampea 90. Mkono ukitetereka, rodi ikainuka na moto ukarefuka hadi volti 28, mkondo unashuka hadi 87 tu. Kwenye mashine yangu hesabu ileile inatoa ampea 300 na zaidi moto ukiwa umeshika, kwa rodi ya ampea 90. Ndiyo sababu ya lile tundu.

Sasa, alinidanganyaje wakati alinionyesha ikichoma? Hili liwekeni akilini. Alikuja na rodi nene ya geji 8 na kipande cha chuma kizito kama cha reli. Ampea 300 kwenye chuma hicho zinaonekana kama nguvu za ajabu: moto unaruka, chuma kinayeyuka, watu wanasema hii ni mashine. Alichoma kama inchi mbili akazima. Nilipomwomba ajaribu tyubu nyembamba alisema rodi ndogo zimemwishia. Ningeondoka hapo hapo.

Kwa hiyo ukitaka kununua, nenda na rodi zako mbili za geji 12 na kipande cha tyubu ya 1.5. Mwambie arudishe mpini chini kabisa, halafu washa wewe mwenyewe. Mashine ya kweli itawasha kwa shida kidogo na moto utakuwa mdogo, na rodi ikinasa utakuwa na muda wa kuitoa kabla haijawa nyekundu. Kisha apandishe mpini hadi mwisho, uchome tena: lazima uone tyubu ikianza kutoboka. Kama hali ni ileile chini na juu, rudisha pesa mfukoni. Ukipata klampu mita ni bora zaidi, lakini usigusishe zaidi ya sekunde mbili. Na mwambie afungue bati kabla hujalipa, stima ikiwa imechomolewa kabisa. Tafuta koili mbili zilizoachana na kipande kinachotembea katikati yake. Kipande hicho kiwe cha bati zilizopangwa, si chuma kizima, kwa sababu chuma kizima kinapata moto chenyewe hadi kinaunguza koili.

Muuzaji anaweza kukwambia mashine yake inakula stima kidogo. Mashine ya kweli, ukichoma kwa ampea 90, inavuta kama ampea 22 kutoka kwenye laini ya volti 240, na hiyo ni kawaida yake. Yangu ikigusisha inavuta karibu 68.

Kwa waliokwisha kununua, msiiuze chuma chakavu bado. Mzee alinifungia choki ya nje inayokaa kwenye waya wa rodi. Kiini chake ni cha sentimita 5 kwa 5, mizunguko 50 ya kebo ya 25, na kati ya vipande viwili vya kiini tumeacha nafasi ya milimita 4 kila upande, tukajaza mbao ngumu. Nafasi hiyo ni lazima. Bila hiyo kiini kinashiba sumaku mapema na ampea zinatoroka kama mwanzo. Sasa ikigusisha inatoa kama 105, na geji 12 inatembea vizuri kwenye madirisha. Tukiweka mbao za milimita 6, inafika karibu 140 na geji 10 inachoma. Kubadilisha moto ni kulegeza bolti na kubadilisha mbao, inachosha, lakini inafanya kazi. Kwa volti 46 kuwasha bado kunataka mkono mwepesi, na rodi zile za hidrojeni ndogo hazishiki kabisa.

Choki imenila shilingi 6,500 juu ya zile 19,000, na dirisha moja la mteja nimelirudia kwa pesa yangu. Nilimpigia muuzaji, akasema mimi ndiye sijui kutumia mpini. Mashine iko kibandani kwangu Nyamasaria, bati nimelitoa, na ile flati baa iliyofungwa kwenye mpini bado iko mahali pake. Anayetaka kuja kuona apite wakati wowote, hata na yule jamaa mwenyewe aje tuizungushe pamoja.