Feni iliyonipigia kelele wiki nzima

Nilikuwa nimeshaiandikia nyota moja feni hii. Sasa sijui nimpe nani hiyo nyota moja.

Niliinunua miezi kadhaa iliyopita, ya waya tatu, kwa ajili ya kasha la kompyuta. Nikaichomeka kwenye CHA_FAN1, soketi ya feni yenye pini nne kwenye ubao mama. Iliingia vizuri, pini moja ikabaki nje. Nikawasha. Lo! Ilivuma kama mashine ya kusaga, hata nikiwa sifanyi chochote. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama wenyewe, nikashusha kasi hadi asilimia 30. Kimya? Thubutu! Namba ya mizunguko haikutikisika.

Nikampigia muuzaji. "Kaka, feni ni feni. Inazunguka au haizunguki?" Nikasema inazunguka. Akakata simu. Hadi leo nikikumbuka sauti ile damu inachemka.

Kumbe pale pale kwenye BIOS, chini ya jina la soketi, palikuwa na chaguo: PWM au DC. Langu lilikuwa PWM. Katika hali hiyo soketi hutoa volti 12 muda wote, na amri ya kasi hupita kwenye pini ya nne, umeme ukiwashwa na kuzimwa kama mara 25,000 kwa sekunde. Feni yangu haina waya wa nne, kwa hiyo haikusikia amri hata moja. Ilishiba volti 12 na kukimbia. Nikabadilisha kuwa DC, ambako soketi hupunguza volti zenyewe, na kelele ikakatika.

Basi nikaanza kuipenda. Siku mbili hivi! Joto likapanda, nafungua kasha, feni imesimama. Asilimia 30 ya volti 12 ni volti 3.6, na hii yangu haina nguvu ya kuanza kuzunguka kwa kiasi hicho. Nikapandisha kidogo kidogo, kila mara nikiizima na kuiwasha upya, maana feni inayozunguka tayari huvumilia volti ambazo iliyosimama haiwezi kuanza nazo. Kwenye asilimia 60, yaani volti 7.2, inaanza kila mara. Ya waya nne ingeweza kwenda taratibu zaidi, kwa sababu mota yake hupata volti 12 kamili.

Kwa hiyo nunueni? Ndiyo, kama soketi yenu ina DC. Kama ni ya PWM tu, kama CPU_FAN za baadhi ya mbao mama za zamani, nunua ya waya nne. Wala usihesabu pini tu ukaridhika: zipo soketi za pini nne zinazodhibiti volti pekee, na feni ya waya nne ikiwekwa hapo itaendeshwa kwa volti tu, pengine isimame zikishuka sana. Kitabu cha ubao ndicho husema.

Feni naipa nyota nne. Muuzaji yule, hata nusu simpi.