Bima ya afya kwa kaya ya Masasi: ipi ununue pesa ya korosho ikiingia

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na AMCOS zikianza kulipa, mawakala wa bima hawakosi kupita Masasi. Wote wanaanza na bei. Mimi nakushauri uanze na bodaboda: mtu akizidiwa usiku nyumbani kwako, atapelekwa wapi? Huku kwetu majibu ni machache. Kuna Mkomaindo hapa mjini, Ndanda ukielekea Lindi, na Nyangao mbele yake. Ikishindikana ni Ligula, Mtwara mjini, karibu kilomita 200. Ngazi ya juu zaidi bila kwenda Dar ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo. Bima yoyote nimeipima kwa majina hayo matano.

Kwa kaya ya mkulima au mama mwenye genge, naweka ya kwanza CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Ilipopangwa upya mwaka 2018, mchango wake uliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Watu husema haina kikomo, na kwa shilingi ni kweli, ila ina kikomo cha ngazi. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, unapanda kwa karatasi ya rufaa, na safari inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Mitengo haimo, ingawa ni mji uleule wa Mtwara. Na ukienda Ligula moja kwa moja bila rufaa, andaa pesa mkononi. Ndanda na Nyangao ni hospitali za kanisa, kwa hiyo usijipe uhakika kwa sababu tu ziko jirani. Uliza kwanza kama halmashauri yako ina mkataba nazo.

Jambo moja ulihakikishe kabla ya kutoa pesa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja na utaratibu mpya wa kitaifa, wenye kitita chake cha huduma na mchango wake. Muulize mwandikishaji risiti anayokupa ni ya mpango upi, inaanza kutumika tarehe gani, na hakikisha kila mwanakaya amepigwa picha. Asiyeandikishwa hatibiwi kwa kadi ya mwenzake, hata kama ndani ya watu sita bado kuna nafasi.

Ya pili naweka vifurushi vya NHIF vya mtu anayejilipia. Mtumishi wa umma hana haja ya mwongozo huu: yake inakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na inamlinda yeye, mwenza na wategemezi wanne. Anayejilipia ndiye anayelipa kwa umri na idadi ya watu. Vifurushi vilivyozinduliwa mwishoni mwa 2019 vilianzia shilingi 192,000 kwa kijana mmoja, kwa hiyo ona tofauti na CHF: pesa ya mtu mmoja ingeandikisha kaya sita. Unachonunua hapo ni kuvuka ngazi. Ndanda na Nyangao zinaingia, na mgonjwa wa moyo au wa kansa ana njia ya kufika Mitengo na Muhimbili. Kama nyumbani kuna mtu wa namna hiyo, NHIF inapanda kuwa ya kwanza.

Ya tatu ni bima za kampuni binafsi, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapopoteza pesa. Kama mwajiri amekukatia ya kundi, pokea kwa mikono miwili, maana za kundi mara nyingi hulegezewa masharti ya kusubiri. Ukijinunulia mwenyewe, soma kipindi cha kusubiri kabla hujasoma kikomo. Ajali kwa kawaida hulipwa tangu siku ya kwanza, ugonjwa wa kawaida baada ya mwezi mmoja hivi. Sukari, presha na magonjwa uliyokuwa nayo husubiri miezi mingi. Uzazi kwa kawaida ni miezi 10 au 12.

Tuifanye hesabu, kwa namba za mfano. Mke, mume na mtoto mmoja, mama ana ujauzito wa miezi mitatu. Korosho zimelipa, na tarehe 1 Desemba wanalipa ada ya 1,800,000. Karatasi inasema kulazwa ni hadi milioni 20 kwa mwaka, na ndani yake uzazi ni hadi 1,500,000, kusubiri miezi 12. Mama anajifungua Juni kwa upasuaji. Bima ina miezi sita tu, kwa hiyo hailipi, na ile milioni 20 haiguswi kwa sababu uzazi una fungu lake.

Sasa tuseme wangekuwa wajanja, wakanunua kabla ya mimba. Miezi 12 ya kusubiri inaisha siku ileile bima yenyewe inapoisha! Ili walipiwe uzazi lazima wahuishe, yaani wametoa 3,600,000 kufuata fungu la 1,500,000. Wakala hatakupigia hesabu hii. Kwa mama mjamzito mwenye afya, sera ya serikali ya kutotoza huduma za uzazi katika vituo vya umma, pamoja na akiba ya vifaa na usafiri, inamfaa kuliko karatasi hiyo.

Halafu kuna orodha ya hospitali. Kijitabu huwa na kurasa nyingi, lakini toa Dar, Arusha na Mwanza uone yanabaki majina mangapi ya Mtwara na Lindi. Na hata yanayobaki huhama. Mwaka juzi nilimpeleka mwanangu hospitali moja iliyokuwamo kwenye kijitabu changu. Dada wa dirishani aliigeuza kadi mara mbili, akaniambia kwa upole, "Mama, hii tumeisitisha tangu mwezi uliopita." Nililipa taslimu, na fomu ya kurudishiwa ilizunguka miezi minne. Hata NHIF haijasalimika: Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea wanachama wake kwa mvutano wa bei za kitita kipya. Tangu hapo simpigii wakala. Naenda dirisha la bima la hospitali ninayoitaka, nataja jina kamili la kifurushi, si la kampuni tu, kwa sababu hospitali inaweza kupokea kifurushi cha juu na kukataa cha chini cha kampuni hiyohiyo.

Fomu ijaze kwa ukweli. Ukificha presha leo, daktari ataiandika kwenye faili kesho, na dai litakataliwa kwa mwandiko wa daktari wako mwenyewe.

La mwisho ni mwezi wa kununua. Bima iliyokatwa Mei itaisha Mei, wakati mkulima wa korosho ananunua salfa na mfukoni hamna kitu. Ukichelewa kuhuisha, wengine wanakuhesabu mwanachama mpya na kusubiri kunaanza upya. Mimi ya nyumbani niliihamishia Desemba. Malipo ya mnada yakiingia benki, mchango wa bima unatoka siku hiyohiyo, kabla ya bati na kabla ya pikipiki.