Spironolaktoni au eplerenoni?

Homoni ya aldosteroni ikizidi mwilini, figo hubakiza chumvi na kumwaga potasiamu. Presha hupanda, misuli hulegea. Dawa zote mbili huzuia homoni hiyo isishike kipokezi chake kwenye figo. Hazipunguzi utengenezaji wake, zinaifungia mlango tu, na presha huchukua wiki kadhaa kushuka vizuri.

Tofauti ni kwamba spironolaktoni hugusa hata vipokezi vya homoni za kiume. Dereva mmoja wa daladala la Mbagala alianza na miligramu 25 kwa siku, akapandishwa hadi 50. Potasiamu ilitoka 2.9 ikafika 4.6, presha ikatulia. Mwezi wa nne akaniambia kwa sauti ya chini, "Dokta, mkanda wa kiti unaniumiza chuchu." Matiti yalikuwa yameanza kujaa. Kwa wanawake, hedhi ndiyo huvurugika.

Eplerenoni huchagua kipokezi chake vizuri zaidi, ila nguvu yake ni ndogo, humezwa mara mbili kwa siku na bei yake ni kubwa. Mimi huanza na spironolaktoni. Huyu nilimhamishia eplerenoni miligramu 50 asubuhi na jioni.

Hatari ya potasiamu kupanda haikuondoka. Tulipima potasiamu, pamoja na kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, baada ya wiki moja: potasiamu 5.7! Kumbe kila siku anakunywa madafu mawili kituoni, na ibuprofeni ya mgongo juu yake. Vyote viwili hupandisha potasiamu. Tukamwachisha, tukapunguza dozi, tukapima tena baada ya siku tatu: 4.9.