TAHADHARI: Landikruza ya paa la kunyanyua inayozungushwa Tanga

Wenye biashara ndogo za kutembeza wageni Tanga, Pangani na Bagamoyo, kaeni macho. Kuna dalali anazungusha Landikruza HZJ78 nyeupe yenye paa la kunyanyua, anasema iko tayari kuingia Saadani. Injini ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, na hapo hadanganyi: ni injini ngumu, haina mambo mengi ya umeme, mafundi wengi wanaijua. Hicho ndicho chambo. Ubovu uko juu.

Bati la paa na mbavu zake za kukingama ndivyo vinavyozuia bodi isijipinde. Fundi anayelikata ili wageni wasimame wapige picha, lazima achomelee fremu ya bomba la mraba kuzunguka tundu lote na kuishikiza kwenye nguzo za bodi. Kwenye gari hili mbavu zimekatwa, mahali pake pakawekwa bati la kukunja na kufunikwa kitambaa cha dari. Kila likipita kwenye makorongo bodi inajisokota, na nyufa zimeanzia pembe za tundu, juu ya mlango wa dereva. Zimejazwa pati, zikapigwa rangi.

Msikubali kutazama kwa macho tu. Shusheni kitambaa cha dari mwone fremu. Fungeni sumaku ndogo kwenye kitambaa chembamba, ipitisheni pembe zote nne. Pasiposhika pana pati. Kisha egesheni gari pagumu, wekeni magogo kwenye matairi, pigeni jeki chini ya chesisi upande mmoja wa nyuma mpaka tairi likaribie kuachana na ardhi. Mtu asiingie chini. Fungueni na kufunga milango yote, ya nyuma pia. Bodi nzima, mlango unafunga vilevile kama kabla ya jeki. Bodi iliyolegea, kitasa kinagoma au mwanya wa juu unakuwa mpana upande mmoja. Huyu dalali jeki haitaki kabisa, ila amana anaitaka siku hiyohiyo.

Mwagieni paa maji ya mpira dakika kumi, kisha inueni kapeti. Maji yakituama sakafuni, pamoja na hewa ya chumvi ya pwani yetu, bati linaoza kutoka ndani huku nje linang'aa. Na hapo ndipo viti vya wageni vimeshikiliwa, tena kwa skrubu za bati! Kiti kinatakiwa bolti zinazopenya sakafu, zenye kipande cha chuma kinene chini yake, la sivyo breki moja kali inaking'oa na mgeni akiwa juu yake.

Kama mfuko haujatosha, afadhali HZJ78 ambayo paa lake halijaguswa. Wageni watazame kupitia vioo virefu vya pembeni msimu mmoja, paa likatwe baadaye, nanyi mkishuhudia fremu ikichomelewa kabla kitambaa hakijapandishwa.