Shuka la "1000" lina uzito gani? Mpangilio wangu wa mashuka ya kununua Kampala

Mwaka juzi nilinunua kwenye maduka ya Kikuubo shuka lenye pakiti iliyoandikwa TC 1000. Laini ajabu, linateleza kama mafuta. Baada ya miezi minne lilikuwa limetoa vijipunje pale miguu inaposuguana, na usiku wa joto lilinigandia mgongoni. Tangu hapo sinunui shuka kabla halijapanda mizani.

TC ni idadi ya nyuzi ndani ya inchi moja ya mraba, za mtande, zinazokwenda kwa urefu, zikijumlishwa na za mshindio, zinazopita kwa upana. Si alama ya ubora. Uzi wa pamba una unene wake, na nyuzi zinazoweza kubanwa kwenye inchi moja zina kikomo. Shuka la pamba la uzi mmoja mmoja, usiosokotwa na mwingine, likipita 400 hivi, uliza maswali. Wanaoandika 800 au 1000 mara nyingi wanahesabu vipande: uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi nne wanauita nne, basi 250 inageuka 1000. Au kitambaa si pamba kabisa.

Hapo ndipo uzito unaposaidia. Lile shuka langu lilikuwa sentimita 230 kwa 250, yaani mita za mraba 5.75. Muuza maharage jirani alinipimia: gramu 520. Gawanya, unapata gramu 90 kwa mita ya mraba. Sasa, nyuzi 1000 kwa inchi ni kama 394 kwa sentimita, maana yake mita 39,400 za uzi ndani ya kila mita ya mraba. Gramu 90 zingelazimika kutoa mita 438 kwa kila gramu. Uzi wa kawaida wa shuka la pamba hutoa mita 70 hivi. Nikachomoa uzi kwenye pindo nikauwasha: haukuacha majivu, uliyeyuka ukawa shanga nyeusi ngumu. Poliesta, ile ya nyuzi nyembamba mno inayoitwa maikrofaiba.

Kwa hiyo, kwa mtu anayefua kwa mkono na kuanika juani, nayapanga mashuka hivi.

La kwanza ni pamba ya ufumaji wa kawaida, juu moja chini moja, nyuzi 180 hadi 250, gramu 115 hadi 130 kwa mita ya mraba. Nililonalo sasa ni mtumba wa soko la Owino, nadhani lilitoka hotelini. Nilihesabu nyuzi kwa kamera ya simu niliyoikuza, rula pembeni: 42 upande mmoja, 36 wa pili kwa sentimita. Jumla 78, zidisha kwa 2.54, ni 198. Uzito gramu 120. Nyuzi 78 kwa sentimita ni mita 7,800 kwa mita ya mraba, sawa na mita 65 kwa gramu. Hesabu inakubaliana na pamba, na pua ilikubali pia: uzi ulinuka karatasi iliyoungua. Ukilishika mara ya kwanza ni kavu kidogo, lina mlio. Usilikimbie kwa hilo. Ukavu huo unatoka kwenye msokoto: uzi uliosokotwa sana hushika nyuzinyuzi zake ndani, hauoti manyoya, na jasho halikufanyi ushikamane nao. Ila kwenye mtumba liinue mbele ya mwanga. Katikati, pale mtu alipolala, pakiwa peupe kuliko kingo, liache.

La pili ni mchanganyiko wa pamba na poliesta wenye uzito huohuo. Hukauka upesi wakati wa mvua na halichaniki ovyo. Kasoro yake ni vijipunje: pamba ikikatika hudondoka yenyewe, lakini poliesta ni imara mno, inabaki imening'iniza kile kijipunje.

Satini ya pamba naiweka ya tatu, na dada yangu hanisamehe. Uzi wake unaruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, na husokotwa kidogo ili ung'ae. Ulaini wote uko hapo, na udhaifu pia: uzi ulio wazi hivyo hunaswa na kucha au ukingo wa beseni. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uufungue kwa vidole, kinyume na msokoto wake. Ukiachana baada ya mizunguko michache tu, ufue kwa upole au usinunue.

Ya mwisho ni hiyo maikrofaiba ya "1000". Kwa Kabale, kwenye baridi, ningeisogeza juu kidogo, ingawa huko hata flaneli ya gramu 160 inaishinda.

Muuzaji akikukataza kufungua pakiti, mwombe aipime ilivyo. Vipimo vya shuka vimeandikwa nje. Ondoa uzito wa foronya zilizomo kabla ya kugawanya, maana mimi mara moja nilisahau nikadhani nimepata gramu 140.